Kabla ya Kutafuta Wateja Wanaofanana na Wako, Kagua Orodha Yako

Wafanyabiashara wengi wanaopokea malipo kwa simu hutuuliza swali hili: "Nina nambari za wateja zaidi ya elfu mbili. Naweza kuzitumia kupata wengine kama wao kwenye Facebook na Instagram?" Jibu ni ndiyo. Kwenye Ads Manager unapakia orodha yako, kisha unaiomba itafute watu wanaofanana na hao. Hadhira hiyo inaitwa Lookalike audience, na orodha unayoanza nayo tutaiita mbegu.

Shida ni kwamba mfumo haujui ni mteja yupi uliyempenda na yupi alikusumbua. Unaiga yeyote aliye kwenye orodha. Ukipanda mahindi yaliyochanganyika na magugu, usishangae shamba likitoa vyote viwili. Kwa hiyo kabla hujalipia tangazo hata moja, hebu tukague mbegu.

Mfano wa duka la viatu vya shule

Tuchukue mfano wa duka lililoko Eldoret linalouza viatu vya shule na kutuma mizigo nchi nzima. Mwenye duka ana faili yenye mistari 2,340, aliyoikusanya kwenye daftari la oda na simu ya WhatsApp.

Kwanza anaondoa majina yaliyojirudia. Mteja mmoja ameandikwa mara tatu: nambari yake mara inaanza na 07, mara na +254, mara haina sifuri kabisa. Akiandika zote kwa mtindo mmoja, wanabaki watu 1,910. Halafu anatoa watu 70 ambao si wateja: waendesha bodaboda, wauzaji wa jumla, wafanyakazi na jamaa. Wamebaki 1,840.

Sasa linakuja swali gumu. Kati ya hao, 690 walinunua mara moja tu, wakati wa ofa ya nusu bei ya kumaliza stoki. Ni wateja halali, lakini wakiwa kwenye mbegu, mfumo utaenda kutafuta wapenda ofa. Duka haliwezi kuishi kwa nusu bei, kwa hiyo anawatoa. Wamebaki 1,150.

Mwisho anaangalia idhini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haikuruhusu kutumia taarifa za mteja kibiashara eti kwa sababu tu alikulipa. Anahitaji kujua na kukubali. Waliokubali ni 900, na 380 kati yao wamenunua mara mbili au zaidi ndani ya mwaka mmoja.

Je, 900 au 380?

Meta inahitaji angalau watu 100 wa nchi moja waliotambuliwa kwenye mifumo yake, na inapendekeza mbegu ya kati ya 1,000 na 5,000. Lakini usijaze orodha na watu ovyo ili tu ufike elfu. Mbegu ndogo yenye watu wa aina moja inaweza kushinda kubwa iliyochanganyika, mradi isiwe ndogo mno.

Kumbuka pia kwamba si kila uliyempakia atapatikana. Tuseme kati ya wale 380 wanatambuliwa 250, na kati ya 900 wanatambuliwa 610. Kwa 250 mfumo unafanya kazi, ila una mifano michache ya kujifunzia. Sisi tungeanza na 900, kisha tungeonyesha tofauti ya wanunuzi kwa kuongeza safu ya thamani, yaani jumla ya pesa ambazo kila mmoja ametumia kwa mwaka. Hapo wanaorudi hupewa uzito zaidi bila kufuta wengine.

Faili inakaa hivi:

```
phone,fn,country,value
254700000000,amina,KE,8400
```

Ukiona waliotambuliwa ni wachache

Nambari hugeuzwa kuwa msimbo wa siri kabla ya kulinganishwa. Tarakimu moja ikikosewa, msimbo unakuwa tofauti kabisa na mteja hapatikani. Kosa tunaloliona sana ni la Excel: nambari ndefu inageuka kuwa 2.547E+11, na ukihifadhi hivyo kama CSV, tarakimu za mwisho zinapotea. Fanya safu ya simu iwe Text kabla ya kuingiza nambari. Vilevile, taarifa ya malipo iliyoficha tarakimu za kati za simu haifai kupakiwa. Tumia nambari alizokupa mteja mwenyewe.

Nambari zikiwa sawa na bado wanaopatikana ni wachache, huenda wateja wamesajili Facebook kwa laini nyingine. Kuongeza barua pepe na majina husaidia.

Jaribio la kumaliza ubishi

Chukua mistari 50 bila kuchagua, uisome mmoja mmoja. Jiulize: nikiletewa wengine 50 kama hawa kesho, nitafurahi? Ikiwa kila mara unasema "huyu hapana", rudi ukachuje.

Kisha jaribu kwa pesa kidogo. Duka letu linatoa hadhira ya asilimia 1, yaani sehemu ya watumiaji wa Kenya wanaokaribia mbegu zaidi, na kuwaondoa wateja wa sasa. Kando yake linaweka hadhira ya kawaida isiyotumia orodha: wazazi wa umri fulani, nchi nzima. Tangazo ni lile lile, na kila upande unapata KSh 500 kwa siku kwa siku 14, yaani KSh 7,000. Hakikisha mfumo haujaachiwa kutanua hadhira wenyewe, maana hapo orodha yako inakuwa pendekezo tu na hutajua ni nini kilichofanya kazi.

Usihesabu likes. Hesabu malipo. Kila tangazo lipe neno lake, mteja aliandike sehemu ya akaunti anapolipa, kama VIATU1 na VIATU2. Tuseme mbegu imeleta oda 20 na hadhira ya kawaida oda 9. Oda moja imegharimu KSh 350 upande mmoja, na karibu KSh 780 upande wa pili. Kama faida ya oda ni KSh 600 kabla ya tangazo, mbegu inakuachia KSh 250 na ule mwingine unakula mtaji.

Lakini ingekuwa 20 kwa 17, usiamue chochote bado. Tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Endelea wiki mbili zaidi. Zikizidi kulingana, mbegu yako haiongezi kitu, na kazi iko kwenye orodha, si kwenye tangazo.

Tahadhari moja ya mwisho: hadhira hii hutafutwa nchi nzima. Kama unauzia mtaa mmoja tu, ukikata kwa eneo utabaki na watu wachache sana, na bajeti itawarudia hao hao. Kwa biashara ya namna hiyo, tangazo la kawaida lililowekewa mpaka wa eneo hutosha. Ila kama unatuma mizigo mbali, fungua faili yako leo, uhesabu ni wangapi wamelipa bei kamili zaidi ya mara moja. Hao ndio mbegu.