Daftari la usingizi linavyomuumbua winga

Kabla hajagusa mpira, mchezaji anajaza vitu vitatu: amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi na amepumzika kiasi gani, kuanzia 1 (hoi) hadi 5 (fiti). Anajaza akiwa bado chumbani, maana akisubiri hadi mazoezini ataandika kile kocha anachotaka kusikia.

Chukua mfano wa winga aliyecheza Jumatano usiku. Jumatatu na Jumanne alilala saa 4:30 usiku, akaamka saa 12:30 asubuhi. Ni saa nane, akajipa 4. Baada ya mechi usingizi ulimjia saa 8 usiku, akaamka saa 1 asubuhi, akajipa 2. Hapo hakuna wa kumlaumu, mechi ya usiku huuacha mwili ukichemka.

Kinachomuumbua ni hesabu ya wiki, Jumapili. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi bado alilala saa 7 usiku, alama zikagoma kwenye 2. Mechi si kisingizio tena. Kocha wa viungo anampunguzia mbio za kasi, kisha anamuuliza kinachomkesha.

Angelala saa nane zote na bado ajipe 2, swali lingehamia kwa daktari wa timu.