Mmoja ana mtaji, mwingine ana jasho: Mchague biashara gani, na faida mgawane vipi?

Hali hii ni ya kawaida sana mkoani Mara. Mtu anafanya kazi Musoma mjini, ana akiba ya milioni kadhaa, lakini muda wa kusimamia biashara hana. Ndugu au rafiki yake yuko kijijini, ana nguvu, ana muda na kazi anaijua, ila mfukoni hana kitu. Wanakubaliana: "Wewe toa hela, mimi nitafanya kazi, faida tugawane nusu kwa nusu."

Miezi sita baadaye hawasalimiani.

Mara nyingi si kwamba mmoja wao alikuwa mwizi. Wamechagua biashara ambayo mwenye mtaji hawezi kuihesabu akiwa mbali, halafu wakasema "nusu kwa nusu" bila kusema nusu ya nini.

Swali la kwanza: Aliye mbali anaweza kuhesabu?

Kabla ya kuuliza biashara ipi ina faida kubwa, jiulizeni hivi: mwenye mtaji akikaa wiki tatu bila kufika, ana njia gani ya kujua kilichouzwa bila kumtegemea mwenzake kwa neno tu? Tuangalie biashara tatu za mkoa huu.

Dagaa wa Musoma wana soko. Lakini wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu kazi inapungua. Bei ya mwaloni asubuhi inaweza isiwe ya jioni, na mvua ikinyesha wakati wa kuanika mzigo unaharibika. Mwenye mtaji aliyeko ofisini hana namna ya kujua kama dagaa walinunuliwa kwa bei aliyoambiwa. Biashara hii inawafaa wabia wakiifanya kwa safari moja moja: hela inatoka, mzigo unanunuliwa, unauzwa, gharama zinatolewa, wanagawana, wanafunga hesabu. Hata kwenye mitumbwi yenyewe gharama za safari hutolewa kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe kati ya tajiri na wavuvi.

Bunda iko kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari, na kununua nafaka wakati wa mavuno ili kuuza bei ikipanda ni biashara inayojulikana. Hapa mwenye mtaji ana nafuu, kwa sababu magunia yanahesabika na ufunguo wa stoo anaweza kukaa nao yeye. Ila kazi ya mwenye jasho inaisha ndani ya wiki chache, halafu mzigo unakaa miezi. Kumwambia asubiri nusu ya faida hadi bei ipande ni kumlaza njaa. Hapa ni heri alipwe kwa kila gunia alilonunua na kuhifadhi, kisha apate sehemu ndogo ya faida mzigo ukiuzwa.

Ya tatu ni mashine ya kusaga, kwa mfano katika kijiji cha wilaya ya Butiama chenye umeme wa njia tatu. Kazi ipo kila siku, msagaji anapata kipato kila mwezi, na kuna shahidi asiyesinzia: mita ya LUKU.

Jinsi LUKU inavyowasaidia wabia

Mashine haisagi bila kula umeme. Kwa hiyo uniti zilizotumika zinaeleza, kwa makadirio mazuri, ni debe ngapi zimesagwa.

Siku ya kwanza wabia wote wawili wawepo. Waandike namba iliyo kwenye mita, wasage debe kumi za mahindi, kisha waangalie zimeliwa uniti ngapi. Tuseme zimekwenda uniti kumi, yaani uniti moja kwa debe. Wapime pia kwa muhogo mkavu na mtama, maana ugali wa Mara si wa mahindi peke yake na kila nafaka ina ulaji wake. Kama mashine inakoboa pia, nayo ipimwe peke yake.

Baada ya hapo umeme anunue mwenye mtaji kwa simu yake, hela ikitoka kwenye mauzo. Anapata tokeni ya tarakimu 20 na kumtumia msagaji kwa meseji. Hapo risiti za umeme zinageuka kumbukumbu ya kazi. Kama mwezi huu zimeliwa uniti 780 na daftari linaonyesha debe 600, kuna debe 180 za kuulizia.

Ni za kuulizia tu, kwanza. Nyundo za mashine zikiisha makali, mkanda ukiteleza au beringi zikichoka, umeme unaliwa zaidi kwa kazi ile ile. Mahindi yasiyokauka vizuri nayo yanachelewa kusagika. Kwa hiyo kabla ya kumshuku mtu, rudieni kipimo cha debe kumi. Kama sasa zinakula uniti kumi na tatu, tatizo ni mashine. Kama bado ni kumi, basi ni daftari.

Nusu ya nini?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tuchukue mfano wa namba ili ionekane, ninyi mtaweka bei za kijiji chenu.

Mwenye mtaji ametoa shilingi 4,000,000 kwa mashine, mota na kufunga umeme. Kusaga debe ni shilingi 1,500. Kwa siku zinasagwa debe 30, na kwa mwezi wanafanya kazi siku 26. Hizo ni debe 780, sawa na mauzo ya shilingi 1,170,000.

Gharama za mwezi ni umeme 280,000, kodi ya chumba 40,000, na chekeche, grisi na matengenezo madogo 50,000. Jumla 370,000. Inabaki 800,000.

Wengi wanagawana hapo hapo, kila mmoja anabeba 400,000. Inapendeza, mpaka siku mota inaungua. Msagaji anasema mashine ni ya mwenye hela, atengeneze. Mwenye hela anasema wote wamekula faida, wachange. Hakuna aliyeweka kitu, na ubia unafia hapo.

Njia inayodumu ina hatua mbili zaidi kabla ya kugawana.

Kwanza, mwenye jasho apate posho ya kazi, tuseme 200,000. Hii si faida. Ni malipo ambayo yangetolewa hata kama angeajiriwa mtu mwingine kusimamia mashine. Inabaki 600,000.

Pili, mashine nayo "ilipwe". Shilingi 100,000 iende kwenye mfuko wa mashine, kwenye akaunti au laini isiyoguswa. Kwa miezi 40 inafika milioni nne, hela ya kununua nyingine hii ikichoka. Inabaki 500,000.

Hiyo 500,000 ndiyo faida, na hapo nusu kwa nusu ina maana: kila mmoja 250,000. Msagaji jumla anaondoka na 450,000. Mwenye mtaji anapata 250,000 bila kushika unga, na milioni nne zake zinarudi baada ya miezi 16 kama kila mwezi utakuwa mzuri hivi.

Lakini si kila mwezi utakuwa mzuri. Mwezi ambao zinasagwa debe 12 tu kwa siku, mauzo ni 468,000. Umeme unashuka hadi kama 112,000, ila kodi na matengenezo viko pale pale. Inabaki 266,000. Msagaji anachukua posho yake 200,000, na 66,000 iliyosalia inaingia kwenye mfuko wa mashine. Faida ya kugawana haipo. Mpangilio ukiwa umeandikwa tangu mwanzo, mwezi kama huo unapita bila ugomvi, kwa sababu kila mtu anajua nani analipwa kwanza na nani anasubiri.

Mashine ni ya nani?

Swali hili linaahirishwa kwa aibu, hasa kati ya ndugu. Njia moja ya haki ni hii: mashine inabaki ya mwenye mtaji hadi gawio lake lifike milioni nne alizotoa. Baada ya hapo msagaji anaanza kumiliki kidogo kidogo, kwa mfano robo ya mashine kwa kila mwaka anaoendelea kuisimamia, mpaka afike nusu. Anayejua kwamba kesho mashine itakuwa yake pia, anaitia grisi bila kukumbushwa.

Na hasara? Kisheria, msipoandika chochote mkifanya biashara kwa ubia, hamjaachwa hewani. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina sehemu ya ubia, na pasipo makubaliano tofauti wabia wanahesabiwa kugawana faida na hasara sawasawa. Msagaji asiye na akiba anaweza kujikuta anadaiwa nusu ya hasara ambayo hakuifikiria.

Waislamu wana utaratibu wa zamani unaoitwa mudharaba: mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi, faida wanagawana kwa kiwango walichokubaliana. Hasara ya fedha inambeba mwenye mtaji, na mwenye kazi anakuwa amepoteza jasho lake, isipokuwa kama amefanya uzembe au hila. Hata asiye Mwislamu anaweza kuandika kifungu cha namna hiyo kwenye karatasi yake, ilimradi waandike pia uzembe ni nini. Kuacha mashine ikisaga bila mtu, kwa mfano.

Karatasi iwe na mambo haya

Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili cha kawaida, nakala mbili, na mashahidi wa pande zote:

- Nani ametoa shilingi ngapi, na zimenunua nini.
- Posho ya mwenye jasho, na kiasi cha mfuko wa mashine.
- Faida inahesabiwa tarehe gani kila mwezi, na inagawanywaje.
- Hasara inambeba nani, na uzembe ni upi.
- Nani anaruhusiwa kukopa kwa jina la biashara. Jibu zuri: hakuna, mpaka wote wawili wasaini.
- Mmoja akitaka kutoka, mashine inathaminiwa na nani, na mwenzake ana miezi mingapi ya kumlipa.

Kifungu cha mwisho ndicho kinachorukwa zaidi, kwa sababu siku ya kuanza hakuna anayependa kuzungumzia kuachana. Kizungumzeni siku hiyo hiyo. Baadaye, mkishakasirikiana, hata bei ya chekeche chakavu itakuwa kesi ya kupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji.