Nyumba inapouzwa: notisi ya haki kwa mpangaji

Kila mwaka mwezi Januari, shule zinapofunguliwa, kamati yetu ya msikiti hapa Moshi mjini hupokea mashauri ya aina moja. Mwisho wa mwaka koo nyingi hukutana nyumbani mlimani, na ndugu walioko Dar es Salaam, Arusha na Mombasa hupata nafasi ya kuzungumzia mali ya baba aliyefariki. Kihamba, kwa desturi ya Wachaga, hakiuzwi ovyo nje ya ukoo, kwani humo ndimo yalimo makaburi na migomba ya wazee. Kinachouzwa ni nyumba ya mjini, ili kila mrithi apate fungu lake. Lakini ndani ya nyumba hiyo wamo wapangaji, na hao hawakuwepo kwenye kikao.

Tunaeleza shauri moja tulilolisuluhisha, bila kutaja majina. Mama mmoja mjane, mwenye mabinti wawili wanaosoma, alikuwa amepanga vyumba viwili eneo la Majengo kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Mkataba wake wa mwaka mmoja ulikuwa umekwisha zamani, na haukuwa na kipengele cha notisi. Hata hivyo aliendelea kulipa kwa ridhaa ya mwenye nyumba, miezi 6 kwa mkupuo. Mara ya mwisho alilipa shilingi 480,000, za kuanzia Septemba mosi hadi mwisho wa Februari. Tarehe 8 Januari akaletewa karatasi: nyumba imeuzwa, ahame kabla ya Januari 31.

Tuliwaita pande zote mbili baada ya sala ya Isha, tukaiweka karatasi ile mezani. Tuliona kasoro tatu.

Ya kwanza ilikuwa sahihi. Aliyeandika alikuwa mmoja wa warithi, mtoto wa pili wa marehemu. Mrithi mmoja hana mamlaka ya kuuza nyumba ya mirathi wala kumwondoa mpangaji kwa niaba ya wenzake. Mwenye mamlaka hayo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama na kupewa barua ya usimamizi. Katika familia hii msimamizi alikuwa kaka mkubwa, naye hakujua kuwa karatasi imekwisha kupelekwa. Kwa hiyo mpangaji anayeletewa notisi ya nyumba ya marehemu na aombe kwa adabu kuonyeshwa barua ya usimamizi. Huo si ubishi, kwani akimtii asiye na mamlaka leo, kesho mwingine atakuja na karatasi yake.

Kasoro ya pili ilikuwa tarehe. Mama yule alikuwa amekwisha kulipia mwezi wa Februari, na manufaa ya nyumba kwa siku hizo yalikuwa mali yake. Lakini hata Februari ikiisha, bado notisi inahitajika. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, katika kifungu cha 79, inasema kwamba upangaji usiotajwa muda huhesabiwa kuwa wa vipindi, na kipindi ni kile ambacho kodi hulipwa kwacho. Atakaye kuuvunja atoe notisi isiyopungua kipindi hicho, nayo iishie siku ambayo kodi hudaiwa. Anayelipa kwa mwezi hupewa angalau mwezi mmoja. Anayelipa kwa miezi 6 ana hoja ya kudai miezi 6, ingawa mwenye nyumba anaweza kujibu kwamba kodi ilipangwa kwa mwezi na ule mkupuo ulikuwa njia ya kulipa tu. Mabishano haya huzuka kwa sababu mkataba umekaa kimya. Mstari mmoja wa kutaja muda wa notisi ungeyamaliza.

Kasoro ya tatu ilikuwa sababu yenyewe. Warithi walidhani kwamba kuuza nyumba kunavunja upangaji papo hapo. Sivyo. Katika fiqhi ya Imam Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba kitu kilichokodishwa kinaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, na ijara haivunjiki. Mnunuzi hukipokea, na mpangaji hubaki na manufaa mpaka muda wake uishe. Ikiwa mnunuzi hakujua kuwa yumo mpangaji, ana hiari ya kuurudisha ununuzi, na lawama yake ni kwa muuzaji. Kwa hiyo muuzaji amweleze mnunuzi mapema kuna nani ndani, amelipa mpaka lini, na atatoka lini. Kodi iliyolipwa mbele wahesabiane wao wawili. Mpangaji asilipishwe mara ya pili, naye asimpe dalali fedha kabla hajaonyeshwa kwa maandishi mwenye nyumba mpya ni nani.

Kaka mkubwa alikuwa mtu muungwana. Karatasi ya kwanza ilifutwa, na tarehe 20 Januari akaandika nyingine. Ilitaja jina lake na cheo chake cha msimamizi, vyumba vinavyohusika, sababu ya kuuza, na tarehe ya mwisho, Mei 31. Ikaeleza pia kwamba kodi haitapanda katika muda huo. Mpangaji alitia sahihi ya kuipokea, na mwenyekiti wa mtaa akashuhudia. Kila upande ukabaki na nakala.

Mama yule aliacha kushikilia miezi 6, na warithi nao wakatoa kitu. Kwa miezi mitatu ya Machi hadi Mei alipaswa kulipa shilingi 240,000. Wakamsamehe mwezi wa Mei, akalipa 160,000, na zile 80,000 akaziweka kwa ajili ya gari la mizigo na malipo ya awali ya vyumba vipya. Tulikubaliana pia kwamba watakaokuja kuiona nyumba waje Jumamosi na Jumatano baada ya Alasiri, kwa taarifa ya siku moja. Kabla ya hapo madalali walikuwa wakigonga mlango hata asubuhi, mabinti wakiwa peke yao ndani.

Si kila shauri huishia hivi. Wako wanaofunga mlango kwa kufuli, wanaokata umeme au kuezua bati ili mpangaji akimbie. Hayo si halali hata kama notisi imekwisha. Mpangaji aliyekataa kutoka huondolewa kwa amri ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, si kwa mikono ya mwenye nyumba. Kabla ya kufika huko, shauri hupelekwa kwanza Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi hukumu bali husuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30, njia ya kwenda wilayani hufunguka. Mpangaji naye ajue kwamba notisi halali ikiisha na amri ikatolewa, atatoka na huenda akalipa gharama. Kukaa kwa ukaidi huku mnunuzi amekwisha kutoa fedha ni kula haki ya mwenzake.

Mama yule alihama Mei 28, siku tatu kabla ya tarehe, baada ya kupata vyumba Pasua, na mabinti hawakubadilisha shule. Msimamizi alifika mwenyewe kupokea funguo. Wakakagua vyumba pamoja, wakasoma salio la umeme kwenye mita, wakaandika kwamba hakuna anayemdai mwenzake. Karatasi hiyo ya mwisho nayo tunayo katika jalada la kamati.