Hela Ilifika, Lakini Si Ile Iliyo Kwenye Risiti

Dada mmoja wa Muheza, anayetunza wazee huko Columbus, Ohio, alinitumia picha mbili kwa simu katikati ya mwaka 2025. Ya kwanza ilikuwa risiti ya kutuma hela nyumbani. Ya pili ilikuwa ujumbe kwenye simu ya mama yake, kioo kimepasuka pembeni, ukisema shilingi 1,245,000 zimeingia. Chini yake aliandika maneno mawili tu: "Kaka, wamenila."

Nimekaa miaka mingi nyuma ya dirisha la kutuma fedha kabla ya kuhamia upande wa kuwasaidia wanaolalamika, na sentensi hiyo nimeisikia kwa lahaja zote. Mara nyingi ni kweli kwamba mteja ameonewa. Shida ni kwamba mteja huyo huyo huandika lalamiko linalochanganya hasira, hasara na haki ndani ya aya moja, na kampuni ikajibu kile kipande ambacho ni rahisi kukikataa. Kwa hiyo nilimwomba anieleze upya, taratibu, tangu Jumatatu aliyotuma.

Alituma dola 500. Ada ya kutuma ilikuwa dola 3.99. Risiti ilionyesha kiwango cha ubadilishaji cha shilingi 2,560 kwa dola, na mama alitakiwa apokee 1,280,000 kwenye laini yake ya simu. Hela ilitakiwa ipatikane kesho yake, Jumanne. Haikuingia Jumanne, wala Alhamisi. Mdogo wake alikuwa akisubiri ada ya chuo, na dirisha la usajili likafungwa Ijumaa. Hela ikaingia Jumatano ya wiki iliyofuata, siku nane baada ya tarehe iliyoahidiwa, tena pungufu kwa shilingi 35,000. Alipopiga simu akaambiwa dola imeshuka.

Hapo ni kweli, dola ilikuwa inashuka. Wakati ule shilingi ya Tanzania ilikuwa inapata nguvu wiki baada ya wiki, na kila aliyekuwa akituma hela nyumbani aliliona hilo. Lakini kushuka kwa dola baada ya wewe kulipa si jambo lako. Ukituma kutoka Marekani, kuna kanuni iliyoanza kutumika tarehe 28 Oktoba 2013, inayosimamiwa na ofisi ya ulinzi wa wateja wa huduma za fedha, CFPB. Inahusu miamala inayozidi dola 15, na inazibana kampuni zote kubwa za kazi hii. Kanuni hiyo inaitaka kampuni ikupe risiti yenye mistari maalumu, na mistari miwili ndiyo inayobeba kesi ya dada huyu. Kwenye risiti nyingi inasomeka hivi:

```
Date Available
Total to Recipient
```

Mstari wa kwanza ni siku ambayo hela itakuwa tayari kwa mpokeaji. Wa pili ni kiasi atakachopokea, kwa shilingi. Hela isipokuwa tayari siku iliyoandikwa, hilo ni kosa moja. Kikiingia kiasi tofauti na kilichoandikwa, hilo ni kosa lingine. Kila kosa lina dawa yake. La kuchelewa linakurudishia ada uliyotozwa, hata kama hela yote ilifika baadaye bila kupungua senti. La kupungua linakupa tofauti, ama irudishwe kwako au ifikishwe kwa mpokeaji bila gharama mpya. Ukidai ada kwa sababu ya kupungua, au ukadai tofauti kwa sababu ya kuchelewa, umewapa njia ya kukuzungusha.

Dada alikuwa na makosa yote mawili, ila hesabu yake ilikuwa imepinda. Alichukua kiwango alichokiona kwenye Google siku aliyotuma, 2,580, akapiga mara 500, akapata 1,290,000, akadai shilingi 45,000. Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka. Kile cha Google ni kiwango cha katikati, ambacho benki kubwa huuziana kwacho au karibu nacho. Kampuni ya kutuma hela inakuuzia kwa kiwango chake, chini kidogo, na hiyo tofauti ni sehemu ya faida yake. Mradi ulionyeshwa kabla ya kulipa na ukakubali, huna dai juu yake. Dai lako linaanzia kwenye 2,560 ya risiti: 1,280,000 ukitoa 1,245,000 ni 35,000. Akitaka irudi kwake kwa dola, anagawa kwa 2,560 hiyo hiyo, anapata dola 13.67 hivi. Zile 10,000 za ziada zingewapa mwanya wa kusema kwamba mteja haelewi muamala wake.

Jiulize basi ile 1,245,000 ilitoka wapi. Ukiigawa kwa 500 unapata 2,490 kamili. Haikukatwa ada wala kodi kwa huku Tanzania. Ilibadilishwa upya kwa kiwango cha siku ilipoachiliwa. Nikamwambia aangalie namba ya muamala kwenye barua pepe ya pili aliyotumiwa na kampuni. Ilikuwa tofauti na ile ya Jumatatu. Maana yake, mtu au mashine huko ndani ilifuta muamala wa kwanza uliokwama, ikafungua mwingine kwa hela ile ile na kiwango kipya, bila kumuuliza. Hiyo namba ya pili ilikuwa ushahidi mzito kuliko malalamiko yote aliyoandika.

Ingekuwa vingine kama kosa lilianzia kwake. Tuseme alikosea tarakimu moja ya namba ya simu, au jina aliloandika likakataa kulingana na jina lililosajiliwa kwenye laini, jambo la kila siku kwetu ambapo mama anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwanawe. Hapo kampuni inatakiwa imrudishie hela ambayo haikufika, lakini inaweza kukata gharama zilizokwisha kutozwa, na akituma tena huo ni muamala mpya wenye kiwango kipya. Ndiyo sababu, kabla hujafoka, linganisha jina na namba ya kwenye risiti na vile vilivyo kwenye laini ya mpokeaji. Za dada zililingana herufi kwa herufi.

Kampuni nayo ina visingizio vinavyokubalika. Vita, maafa, au hatua ya serikali isiyotarajiwa vinaiondolea lawama. Mtandao wa intaneti ulipozimwa Tanzania kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, kampuni yoyote ingekuwa na hoja kwa hela iliyokwama siku zile. Ukaguzi wa utakatishaji fedha au udanganyifu nao unaweza kuwa sababu halali, kama kampuni haikuweza kuutarajia na kukutajia mapema. Lakini kwa dada huyu, jibu la maandishi lilisema tu kwamba mshirika wao Tanzania alikuwa na hitilafu ya mfumo. Mshirika huyo wamemchagua wao, na anafanya kazi kwa niaba yao. Hitilafu yake wanaibeba wao.

Kuna jambo dogo la saa ambalo limewahi kumharibia mtu kesi. Kinachohesabiwa ni hela kuwa tayari, si hela kutolewa. Mama akikaa siku tatu bila kwenda kwa wakala, hizo si za kampuni. Kwa hiyo ushahidi ni ujumbe wa kuingia kwa hela, pamoja na tarehe na saa yake. Na ukitafsiri saa hizo kwa kampuni, kumbuka kwamba 3:10 ya mchana kwenye simu ni saa tisa na dakika kumi kwetu, na kwamba Tanzania iko mbele ya Ohio kwa saa saba wakati wa kiangazi. Niliwahi kuona mteja akidai kuchelewa kwa siku nzima, kumbe amesoma "saa tatu" ya mama yake kama 3:00.

Kulalamika kwenyewe si lazima kuwe kwa maandishi. Hata kwa simu kanuni inakubali. Mimi nasema andika, kwa sababu simu haina kumbukumbu unayoishika wewe. Una siku 180 tangu tarehe hela ilipotakiwa kupatikana. Dada tuliandika naye kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

"Mimi ni mtumaji wa muamala namba hii, wa Jumatatu tarehe hii. Mpokeaji ni mama yangu, jina na namba ya simu kama zilivyo kwenye risiti. Risiti yenu ilisema hela itapatikana Jumanne. Imepatikana Jumatano ya wiki iliyofuata. Naomba mnirudishie ada ya dola 3.99. Risiti yenu ilisema atapokea shilingi 1,280,000, amepokea 1,245,000. Naomba mumfikishie shilingi 35,000 zilizobaki kwenye laini ile ile, bila gharama. Muamala wa pili wenye namba hii sikuuagiza. Naambatanisha risiti na picha ya ujumbe. Naomba majibu kwa maandishi, na nakala za nyaraka mtakazotegemea."

Alitaka aongeze mstari kuhusu faini ya chuo. Mdogo wake alilipishwa shilingi 50,000 kwa kuchelewa kujisajili, na kwake yeye hiyo ndiyo iliyokuwa inauma hasa. Nilimwambia auache. Kanuni inarekebisha kiasi kilichotakiwa kufika. Hasara zilizozaliwa na kuchelewa haizilipi. Ukiziweka ndani, jibu linarudi likizungumzia faini tu, kwa heshima na huruma nyingi, na zile 35,000 zinapotea katikati ya pole. Aliniona sina utu. Nilikubali, lakini mstari ukatoka.

Kampuni ina siku 90 za kuchunguza, na ikishamaliza ina siku tatu za kazi kukueleza imeona nini. Zikipita, au jibu likiwa la kukuzungusha, angalia chini ya risiti yako: kuna mawasiliano ya mdhibiti wa jimbo na ya CFPB, kwa sababu kampuni inalazimika kuyaweka. Huko unapeleka ile barua ile ile, huna haja ya kuandika nyingine.

Hatukufika huko. Wiki ya tano ada ya 3.99 ilirudi kwenye kadi yake, na siku mbili baadaye simu ya Muheza ikalia kwa ujumbe wa shilingi 35,000. Mama alimpigia binti yake usiku ule ule kumuuliza hela hiyo ni ya nani, asije akaitumia halafu mwenyewe akaidai.