Darsa Thelathini za Ramadhani kwa Siku Mbili

Kamati ya msikiti inayotaka kutoa darsa fupi ya video kila siku ya Ramadhani hukabiliwa na tatizo moja: watu wa kujitolea hawapatikani kila usiku baada ya tarawehe. Njia iliyotufaa sisi ni kurekodi darsa zote 30 katika Jumamosi na Jumapili moja ya Shaabani.

Hesabu huanzia kwenye darsa moja. Darsa ya dakika moja na nusu huchukua robo saa, kwani mzungumzaji hupitia maneno yake, huyasema, huyarudia, kisha husikilizwa. Basi saa moja hutoa darsa nne. Jumamosi, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6, hupatikana 12. Baada ya Adhuhuri na chakula, saa 8 hadi saa 9 na nusu, hupatikana 6. Jumapili asubuhi hukamilisha 12 zilizobaki. Jioni yake huachwa wazi kwa ajili ya zitakazorudiwa, na kusema kweli haijapata kubaki bure.

Ratiba hufuata mzungumzaji, si tarehe. Sheikh mzee hutangulia Jumamosi asubuhi, kwa sababu feni huzimwa zisivume kwenye kipaza sauti, na chumba cha madrasa huwa tanuri ifikapo mchana. Ustadhati hupewa Jumapili asubuhi yote, pamoja na akina mama wa kushika simu na taa. Kwa kuwa darsa ya 21 yaweza kurekodiwa kabla ya ile ya 4, mzungumzaji hutaja kwanza, "Darsa ya 21, mara ya pili," akanyamaza kidogo, ndipo akaanza. Maneno hayo hukatwa baadaye, lakini bila hayo mhariri hupotea.

Aliye muhimu kuliko mpiga picha ni msikilizaji. Huyu huketi amevaa hedifoni, msahafu wazi mbele yake. Akisikia irabu moja ya aya imekosewa, husimamisha papo hapo. Picha yenye kiza hutengenezeka. Aya iliyokosewa haina dawa ila kusomwa upya.

Mwandamo nao una hukumu yake. Mzungumzaji asiseme "leo ni siku ya tano," kwani si familia zote huanza kufunga siku moja, aseme "darsa ya tano." Darsa ya 30 isibebe jambo la lazima, maana mwezi ukiandama usiku baada ya siku ya 29, haitatoka. Kumi la mwisho lizungumzwe katika darsa ya 20, na Zakatul-fitri katika ya 25, ili familia zipate nafasi ya kuitoa kabla ya Swala ya Idi.

Kila kipindi kikiisha, faili huhamishiwa kwenye kompyuta na kwenye diski ya pembeni. Hakuna kinachofutwa katika simu mpaka mhariri awe amezifungua zote na kuzisikiliza.