Lengo la Somo Linalopimika

Mkufunzi anapokwenda kumwona mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, huketi nyuma ya darasa, hufungua andalio la somo na kuutafuta kwanza mstari wa lengo. Mara nyingi hukuta maneno haya: “Mwanafunzi aelewe kujumlisha sehemu.” Kipindi kitakwisha, watoto watasema wameelewa, na hakuna atakayeweza kuthibitisha wala kukanusha, kwa sababu kuelewa kumo kichwani. Kinachoonekana ni kile anachofanya mtoto: anataja, anachora, anakokotoa, analinganisha, anaeleza kwa maneno yake.

Mwaka 1962 Mmarekani Robert Mager alitoa kitabu kifupi kuhusu uandishi wa malengo ya kufundishia, na mambo matatu aliyoyataka yaonekane katika lengo yanatumika hadi leo: kitendo cha mwanafunzi, mazingira anamokifanyia, na kiwango kinachotosha. Tulichukue somo lile la sehemu, tuseme ni Hisabati ya Darasa la Tano lenye watoto 45, kipindi cha dakika 40. Lengo likiandikwa upya litasomeka hivi: “Hadi mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu mbili zenye asili tofauti zisizozidi 12, peke yake na bila kutazama mfano ubaoni, na apate angalau maswali 4 kati ya 5.” Kiwango cha 4 kati ya 5 ni uamuzi wa mwalimu. Kinamsamehe mtoto aliyeteleza mara moja, lakini hakimpitishi anayebahatisha.

Hapa wanachuo wengi hukimbilia kupanga shughuli. Mimi nashauri waandike kwanza yale maswali matano, kwani ndiyo yanayofichua kama lengo limeshikwa. Mwalimu akitoa 1/2 + 1/4 na 1/3 + 1/6, asili moja ni kigawe cha nyingine, hivyo mtoto hubadilisha sehemu moja tu na kupata jibu sahihi bila kujua namna ya kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika. Afadhali 1/2 + 1/3, 1/4 + 1/6, 2/3 + 1/4, 1/5 + 1/2 na 3/8 + 1/6. Kwenye 1/4 + 1/6, anayeandika 10/24 badala ya 5/12 hajakosea. Lengo halikudai jibu lirahisishwe, na kama mwalimu analitaka hilo, basi aliandike kwenye lengo.

Sasa shughuli. Ikiwa mwalimu atakokotoa ubaoni huku watoto wakinakili, watakuwa wamefanya mazoezi ya kunakili, ilhali watapimwa kukokotoa. Kwa hiyo, baada ya dakika 5 za kukumbushana vigawe vya 4 na 6, kila kikundi kipewe vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa. Kimoja wakikunje mara mbili sawasawa, kingine mara tatu, kisha wavigawe vyote katika sehemu sita. Nusu inageuka 3/6, theluthi inageuka 2/6, na jumla wanaihesabu kwa vidole: 5/6. Kazi hiyo ipewe dakika 12. Dakika 10 zinazofuata wakokotoe wawiliwawili bila karatasi, maana kwenye jaribio hawatakuwa nazo. Jaribio la mtu mmoja mmoja lichukue dakika 10, na 3 zilizobaki ni za kuhitimisha.

Mwanachuo akiongeza lengo la pili, mathalani “aeleze kwa nini asili hazijumlishwi”, lazima liwepo swali linalomtaka mtoto aeleze, na muda wa kuwasikiliza wakielezana. Dakika 40 hazitoshi yote mawili kwa darasa la watoto 45; hilo lihamie kipindi kingine. Na yapo mambo, kama vile kupenda Hisabati, ambayo yanakua kwa miezi na hayafai kudaiwa kwenye andalio la siku moja.

Faida kubwa zaidi huonekana kwenye nafasi ya tathmini chini ya andalio, ambako wengi huandika “somo lilieleweka vizuri”. Lengo letu linaruhusu kuandika hivi: wanafunzi 31 kati ya 45 walifikia kiwango; 9 walijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, wakapata 2/5 kwenye swali la kwanza; 5 walipata asili sahihi lakini hawakubadilisha kiasi. Makosa hayo mawili yana tiba tofauti. Wale 9 warudishwe kwenye karatasi, waweke 2/5 kando ya nusu waone kwamba jumla imekuwa ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo. Wale 5 wanahitaji zoezi fupi la sehemu zinazolingana: 1/4 ni ngapi ya 12, 1/6 ni ngapi ya 12. Kipindi kinachofuata kianzie hapo, wakati wale 31 wakiendelea na kujumlisha sehemu tatu.