Cheti Mkononi, Nafasi Hakuna: Njia ya Daktari wa Kigeni Kuelekea Leseni ya Marekani

Daktari aliyesomea Nairobi, Kampala au Lubumbashi akihamia Marekani, shahada yake peke yake haimruhusu kumwandikia mgonjwa hata chupa ya dawa. Hilo wengi wanalijua. Ukiwauliza kizuizi ni nini, watakujibu kwamba ni mtihani. Mtihani ni mgumu kweli, lakini wanaoufaulu ni wengi kuliko wanaofika mwisho wa njia. Mahali hasa wanapokwama ni mbele kidogo, kwenye kutafuta hospitali itakayokubali kuwachukua wafanye kazi chini ya usimamizi. Bila nafasi hiyo, katika majimbo mengi, leseni haipatikani, hata mtu awe na alama nzuri kiasi gani.

Marekani haina leseni moja ya udaktari ya nchi nzima. Kila jimbo hutoa yake kupitia bodi yake. Hata hivyo, kwa aliyesoma nje, masharti ya msingi yanafanana: awe na cheti cha ECFMG, chombo kilichoanzishwa mwaka 1956 kukagua madaktari waliosomea nje ya nchi hiyo, awe amefaulu hatua zote tatu za mtihani wa leseni uitwao USMLE, na awe amepitia miaka kadhaa ya mafunzo kazini ambayo madaktari huyaita rezidensi. Mwaka wa kwanza wa rezidensi ndio utarajali wao.

Tuchukue daktari wa mfano, mwanamke Mkenya. Amemaliza Chuo Kikuu cha Nairobi, akafanya utarajali wa mwaka mmoja katika hospitali ya kaunti, akasajiliwa na baraza la madaktari, kisha akafanya kazi miaka mitatu wilayani. Amezalisha kwa upasuaji usiku akiwa daktari peke yake zamu nzima. Sasa anataka kubobea katika magonjwa ya ndani huko Marekani.

Kazi yake ya kwanza ni karatasi, na hapo wengi hupoteza miezi kabla hata hawajafungua kitabu. ECFMG haipokei nakala ya shahada na kuiamini. Huirudisha kwa chuo chenyewe kupitia mfumo wake wa uhakiki uitwao EPIC, na ofisa wa chuo anatakiwa athibitishe kwamba ni ya kweli. Ofisa akiwa likizo, au barua pepe ikikaa bila kusomwa, faili husimama. Kisha kuna majina. Sisi tuna desturi ya kuandika jina la mtu, la baba na la babu, na mwanamke akiolewa huenda akaongeza la mume. Shahada ikiwa na majina matatu na pasipoti ikawa na mawili, au herufi moja ikatofautiana, tofauti hiyo lazima ifafanuliwe kwa hati rasmi. Siku ya mtihani, jina lililo kwenye kibali lisipolingana na kitambulisho, mtahiniwa huzuiwa mlangoni. Daktari wetu alirekebisha pasipoti yake kabla ya kujisajili, na hiyo ni busara.

Hatua ya kwanza ya USMLE hupima sayansi za msingi: namna figo inavyochuja damu, kwa nini dawa fulani hudhuru ini, kirusi kinaingiaje kwenye seli. Ni siku moja ya saa 8 mbele ya kompyuta, maswali yasiyozidi 280. Kwa daktari aliyekuwa kazini miaka kadhaa, hii ndiyo inayotesa zaidi, kwa maana biokemia ya mwaka wa kwanza imeshasahaulika. Tangu Januari 2022 hatua hii haitoi alama. Jibu ni kufaulu au kutofaulu. Hatua ya pili hupima maarifa ya kutibu, siku moja ya saa 9, nayo bado hutoa alama kwa tarakimu. Ndiyo maana alama hiyo imekuwa kitu cha kwanza ambacho hospitali huangalia. Kila hatua hugharimu takriban dola 1,000 za Marekani, na nyongeza hutozwa kwa anayeifanyia nje ya nchi hiyo.

Kuna kanuni mbili za kuzijua mapema. Aliyefaulu hatua haruhusiwi kuirudia ili aongeze alama, kwa hiyo kukimbilia mtihani kabla ya kuiva ni hasara ya kudumu. Na hatua moja haiwezi kujaribiwa zaidi ya mara nne. Kuliko kwenda kubahatisha, afadhali kuahirisha.

Zamani kulikuwa pia na mtihani wa kumwona mgonjwa ana kwa ana, ambao kila mtu alilazimika kusafiri hadi Marekani kuufanya. Ulisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona, na Januari 2021 ukafutwa kabisa. Badala yake ECFMG huangalia ushahidi mwingine kwamba mtu anajua kutibu. Kwa daktari wetu, leseni yake ya Kenya ya kufanya kazi bila kusimamiwa inatosha, mradi baraza lililomsajili lithibitishe lenyewe, moja kwa moja, kwamba hana doa. Pamoja na hayo, hufanya mtihani wa Kiingereza cha tiba uitwao OET, wenye kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Vikikamilika, cheti cha ECFMG hutoka. Mtu anayesoma huku akifanya kazi huenda akatumia miaka miwili kufika hapo.

Hapo ndipo ndugu humpongeza kana kwamba amemaliza. Bado.

Mwezi Septemba anatuma maombi ya rezidensi. Madaktari wa kigeni hutuma kwa makumi ya hospitali, wengine zaidi ya 100, na ada hupanda kadiri idadi inavyoongezeka. Wanaoitwa hufanyiwa usaili hadi Januari. Kisha kila mwombaji huorodhesha hospitali anazozitaka kwa mpangilio, nazo hospitali huorodhesha waombaji wanaowataka, na kompyuta huoanisha orodha hizo. Jumatatu ya wiki ya tatu ya Machi, mwombaji huambiwa kama amepata nafasi. Ijumaa yake huambiwa ni wapi, na matokeo hayo yanamfunga yeye na hospitali.

Mwaka 2025, kati ya kila madaktari 100 wa kigeni wasio raia walioingia kwenye uoanishaji huo, takriban 58 walipata nafasi ya mwaka wa kwanza. Kwa wahitimu wapya wa vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya MD, waliopata walizidi 93. Kumbuka kwamba hao 42 waliobaki nje si watu waliofeli. Wengi wao wamefaulu kila kitu walichotakiwa kufaulu. Sababu zao ni nyingine: hospitali nyingi hupendelea aliyemaliza chuo ndani ya miaka mitano iliyopita, hutaka barua za madaktari wa Marekani waliomwona akifanya kazi, na si zote zinazokubali kushughulikia viza. Daktari mwenye uzoefu wa miaka 12 hivyo anajikuta nyuma ya kijana aliyemaliza jana, kwa sababu ya tarehe iliyo kwenye shahada. Naona hilo ni kosa la mfumo, na wagonjwa ndio wanaolipia. Huku wakisubiri mwaka mwingine, wapo wanaotoa damu maabara, wanaokalimani Kiswahili hospitalini, wanaoendesha magari, na kila mwaka unaopita unaizeesha shahada yao.

Tuseme daktari wetu amepata. Viza ya kawaida ni J-1, ambayo ECFMG yenyewe huidhamini. Hapo Wizara ya Afya ya Kenya huhitajika kutoa barua inayosema nchi inawahitaji mabingwa wa fani hiyo na kwamba yeye ameahidi kwa maandishi kurudi. Akimaliza, anatakiwa akae nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu, isipokuwa asamehewe, kwa mfano kwa kukubali kufanya kazi miaka mitatu katika eneo la Marekani lenye uhaba wa madaktari. Masharti ya viza pia hubadilishwa kwa amri ya serikali: amri ya Juni 2025 iliwawekea raia wa Burundi vizuizi vilivyoigusa J-1 pia.

Utarajali huanza karibu Julai mosi. Kwa magonjwa ya ndani, atazunguka wodini, katika chumba cha wagonjwa mahututi na kliniki. Saa za kazi hazipaswi kuzidi 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne. Uzoefu wake wa nyumbani, kwa kawaida, haumpunguzii muda. Anaanza mwaka wa kwanza kama wengine.

Kinachowashinda wenye uzoefu mwaka huo mara nyingi si elimu. Wilayani, presha ya mgonjwa ikishuka saa nane za usiku, alikuwa akiamua mwenyewe, kwa kuwa bingwa alikuwa mbali na simu pengine haishiki. Huku anatarajiwa aanze matibabu na wakati huohuo ampigie aliye juu yake. Asipopiga, hata kama mgonjwa amepona, ameandikiwa kosa zito: hajui mipaka ya nafasi yake. Vilevile, ukimya ambao kwetu ni heshima mbele ya mkubwa, wao huweza kuusoma kama kutojua. Mara mbili kwa mwaka, kamati ya walimu hupitia maendeleo ya kila mtarajali, na dalili za hatari huonekana humo mapema: maoni yanayojirudia kwamba haulizi, haandiki faili kwa wakati, hamwelezi mgonjwa kinachoendelea. Anayeambiwa hivyo Septemba akajirekebisha, kwa kawaida huvuka. Ndani ya kipindi hicho hufanya hatua ya tatu ya USMLE, ya siku mbili, ambayo sehemu yake ni kumtibu mgonjwa wa kwenye kompyuta kadiri saa zinavyosonga. Baada ya miaka mitatu anamaliza ubingwa wake na kuwa na leseni kamili.

Majimbo machache yameanza kufungua njia nyingine. Mwaka 2023 Tennessee ilipitisha sheria ya kuwapa madaktari wa kigeni wenye uzoefu leseni ya muda bila kurudia rezidensi, wakifanya kazi chini ya hospitali inayowaajiri, kisha wapate leseni kamili. Florida na Virginia zikafuata na sheria za aina hiyo. Njia hiyo haiondoi USMLE, na bodi za ubingwa kwa jumla bado hudai rezidensi, kwa hiyo mwajiri anaweza kusita.

Ukiwa na ndugu au rafiki anayeiwazia safari hii, mwambie aanze upande wa mwisho. Atazame kwanza fani na hospitali zinazochukua watu wa mwaka wake wa kuhitimu, zinazoshughulikia viza yake, na namna atakavyopata barua za madaktari wa huko. Aulize chuo chake nani hujibu maombi ya EPIC. Asinunue maswali ya mtihani kutoka kwa mtu yeyote: Januari 2024 waendeshaji wa USMLE walibatilisha matokeo ya mamia ya watahiniwa waliohusishwa na Nepal, kwa kushuku kuvuja kwa maswali. Hayo yakikaa sawa, ndipo alipie hatua ya kwanza.